Tatu Iliyosomwa Nane

Mzigo wa mafuta ya kupikia umefika katika duka la jumla Kariakoo. Karani anapiga picha hati ya mzigo, na kompyuta inasoma namba ya msimbo pau: 6204000128453. Anaitafuta kwenye orodha ya bidhaa, haipo. Wino wa karatasi umefifia, na huenda mahali fulani tatu imesomwa nane. Namba yenyewe ni ya mfano, ila 620 ya mwanzoni ni ya kweli: huonyesha namba iliyosajiliwa Tanzania, si lazima bidhaa iwe imetengenezwa huko.

Namba ya tarakimu 13 ina mlinzi wake, nayo ni tarakimu ya mwisho. Jumlisha zilizo nafasi ya 2, 4, 6 hadi ya 12, zidisha kwa 3, kisha ongeza zilizobaki zote. Jibu lazima liishie na sifuri. Hapa 20 mara 3 ni 60, zilizobaki ni 15, jumla 75. Kuna kosa.

Tarakimu moja ikikosewa, hesabu hii huligundua kosa kila mara. Lakini haisemi liko wapi. Nane ikirudishwa kuwa tatu, inapatikana 6204000123453, na jumla ni 60. Sasa karani akidhani ile tatu ya mwisho kabisa ndiyo ilikuwa nane, anapata 6204000128458, jumla 80, nayo inapita! Kinachokata shauri ni oda. Namba ya kwanza ni mafuta ya lita moja yaliyoagizwa kwa msambazaji huyohuyo. Ya pili haimo dukani kabisa.

Namba iliyokatika ni balaa zaidi, kwa sababu mlinzi mwenyewe huwa ameondoka. Tuseme ukingo wa karatasi umemeza tarakimu mbili za mwisho, ikabaki 62040001234. Chupa ya lita moja ni 6204000123453 na ya nusu lita ni 6204000123460, kwa hiyo kipande hicho kinazifaa zote mbili. Hapo yatazamwe maelezo ya ujazo, bei na idadi iliyoagizwa. Tena asije mtu akajaza sifuri mbele ili zitimie 13. Dawa hiyo ni ya namba za Marekani zenye tarakimu 12, ambazo lahajedwali hupenda kuzila sifuri ya mwanzo.

Vyote vikishindikana, mstari huo usiingizwe stoki mpaka mtu achukue skana akasome chupa yenyewe. Jibu likipatikana, mifumo mingine huhifadhi namba mbovu kama jina la pili la bidhaa. Ni njia ya mkato mbaya: kesho wino utafifia penginepo, na tarakimu hizohizo zinaweza kutoka kwenye bidhaa nyingine. Cha kuhifadhi ni namba ya bidhaa anayoitumia msambazaji mwenyewe, ambayo kwa kawaida huchapwa kwenye mstari uleule wa hati.