Kadi za Maswali na Majibu: Imani kwa Sentensi Moja

Ukiingia katika madrasa ya Jumamosi ya watoto wa Waswahili hapa Uingereza, mara nyingi utakuta boksi la kadi mezani. Kila kadi ina swali upande mmja na jibu upande wa pili. Mwalimu husoma swali, watoto hujibu kwa pamoja, na kadi inayofuata huvutwa. Watoto wenyewe wana umri wa miaka sita hadi kumi. Kiingereza ndicho wanachokitumia shuleni na katika michezo, na Kiswahili ni cha nyumbani, kwa bibi na kwenye simu ya shangazi.

Njia hii ya kufundisha ni ya zamani. Katika Hadithi ya Jibrili, iliyopokewa na Muslim katika mkusanyiko wake, mgeni anamwuliza Mtume (S.A.W.) kuhusu Uislamu, kisha imani, kisha ihsani, na kila swali linapata jibu lake. Mwishoni Mtume anawaambia masahaba kuwa mgeni yule ni Jibrili, amekuja kuwafundisha dini yao. Kadi nyingi za nguzo sita za imani zimetokana na jibu moja la hadithi hiyo. Ugumu unaanza pale jibu lile linapoletwa kwa mtoto wa miaka saba kwa Kiswahili.

Tuchukue kadi ambayo wengi wetu tuliikariri:

Swali: Nguzo za imani ni zipi?
Jibu: Kumwamini Mwenyezi Mungu, Malaika wake, Vitabu vyake, Mitume wake, Siku ya Mwisho, na Kadari, heri yake na shari yake.

Jibu ni sahihi na lina mapigo mazuri ya kukariri. Lakini tazama kile kimilikishi cha "-ake". Katika "Malaika wake", "Vitabu vyake" na "Mitume wake", mwenye kumiliki ni Mwenyezi Mungu. Katika "heri yake na shari yake", anayerejelewa amebadilika: sasa ni Kadari. Mtu mzima hupita hapo bila kusita. Mtoto ambaye amesikia "wake, vyake, wake" zote zikimrudia Mungu ataendelea hivyo hivyo, na ataelewa kwamba Mungu ana shari. Tena "shari" anayoijua ni ile ya nyumbani, pale mama anapomkataza kuleta shari na ndugu zake. Hatauliza, kwa sababu jibu ameshalisema vizuri na amepongezwa.

Dawa yake ni kuigawa kadi hiyo. Kadi ya kwanza iulize idadi tu: "Nguzo za imani ni ngapi?" "Nguzo za imani ni sita." Kisha kila nguzo ipate kadi zake, na kila jibu liwe sentensi kamili inayosimama peke yake, ya maneno yasiyozidi manane hivi. Jibu likiwa "sita" tu, mtoto amejifunza namba. Likiwa sentensi, ana kitu cha kusema hata swali likiulizwa kwa namna nyingine.

Sarufi nayo inahitaji jicho. Chukua kadi ya Malaika. Jibu la kawaida ni "Malaika ni viumbe wa Mwenyezi Mungu walioumbwa kwa nuru." Hapa kuna nomino isiyosikika sana nyumbani, "viumbe", na kitenzi cha kutendwa kilichobebeshwa kirejeshi, "walioumbwa". Sema badala yake: "Mwenyezi Mungu aliwaumba Malaika kwa nuru." Mtendaji ametajwa kwanza, kitenzi ni cha kutenda, na kitenzi "umba" kikishajulikana, "kiumbe" na "Muumba" vitaeleweka baadaye bila shida. Kadi ya pili iulize: "Malaika wanafanya nini?" "Malaika wanamtii Mwenyezi Mungu." Kadi mbili fupi zinabebeka kuliko moja ndefu.

Utajuaje kama mtoto ameelewa? Changanya kadi kwanza. Aliyekariri mfuatano atatoa jibu la kadi iliyokuwa ikifuata. Angalia pia kama kadi zina rangi au picha tofauti, kwa maana wapo watoto wanaojibu rangi na si swali. Halafu ligeuze swali. Kama kadi inasema "Nabii Daudi alipewa Zaburi", uliza: "Zaburi alipewa nani?" Mwisho, uliza swali ambalo halimo kwenye kadi yoyote. Kwa kadi ya Malaika, swali zuri ni: "Je, wewe ni malaika?" Mtoto anayeitwa "malaika wangu" kila asubuhi anaweza kukubali kwa furaha, na hapo unagundua kwamba neno moja linafanya kazi mbili kichwani mwake. Aliyeelewa atakataa, na pengine atakwambia kwamba yeye hakuumbwa kwa nuru.

Kadari ndiyo kadi ngumu kuliko zote. Wanazuoni wa Kisunni huieleza kwa ngazi nne: elimu ya Mwenyezi Mungu, kuandikwa kwa mambo, utashi wake na uumbaji wake. Hazikai katika sentensi moja ya mtoto. Mtungaji wa kadi achague ngazi moja, na iliyo nyepesi ni ya elimu: "Mwenyezi Mungu anajua jambo kabla halijatokea." Sentensi hii haijamaliza somo, lakini hakuna neno ndani yake litakalofutwa mtoto akifika miaka kumi na tano. Hicho ndicho kipimo cha muhtasari wa imani: unaweza kuacha mengi, ila usiseme jambo ambalo baadaye itabidi ulikanushe.

Kipimo hicho kinaleta swali la nani anakubaliana na kadi. "Nguzo sita" ni mpangilio wa Kisunni. Mtoto wa Kishia Ithnaashari kutoka Dar es Salaam hufundishwa misingi mitano: tauhidi, uadilifu wa Mungu, unabii, uimamu na kiyama. Kadi inayouliza "Mwenyezi Mungu yuko wapi?" ina jibu moja katika baadhi ya vitabu vya watoto, na jibu hilo halikubaliki kwa Waibadhi na Waashari, ambao husema Mungu hahitaji mahali. Katika darasa moja hapa unaweza kuwa na watoto wa nyumba zote hizo. Mtoto akirudi nyumbani na kumwambia mama yake kuwa amekosea, kadi imeleta ugomvi ambao mtoto hana uwezo wa kuumaliza. Kadi za namna hiyo ni heri ziwe za nyumbani, na boksi la pamoja libaki na yale ambayo wazazi wote wamekwisha kuyasoma na kuyakubali.

Hata pale wanapokubaliana, maneno yawe yale yale. Martin Luther, katika dibaji ya Katekisimu Ndogo ya mwaka 1529, aliwashauri wachungaji wachague tamko moja na walishikilie mwaka hadi mwaka, kwani vijana huchanganyikiwa maneno yakibadilika. Maana ifundishwe baada ya maneno kushikwa. Ushauri huo unatuhusu. Mwalimu wa Mombasa akisema "Siku ya Kiyama", wa Unguja "Siku ya Mwisho", na baba nyumbani "Akhera", mtoto anadhani ni mambo matatu. Kabla ya kuchapa, walimu wakae na wazazi, wasome kadi zote kwa sauti, wachague neno moja kwa kila jambo na kuliandika katika orodha itakayokaa ndani ya boksi. Wanaklabu wenye sikio la Kiswahili wanaweza kuifanya kazi hiyo, na kila kadi waisome kwanza kwa mtoto wa miaka saba.