Magunia Mawili ya Mchele

Ingia duka la jumla mjini Mombasa utayakuta yamesimama bega kwa bega: gunia la mchele wa Mbeya lililovuka mpaka kwa lori, na gunia la mchele wa Pakistani lililoshushwa bandarini Kilindini. La Mbeya, likiwa na cheti cha uasili kinachothibitisha kwamba mpunga wake ulilimwa Tanzania, halilipi ushuru wa forodha, kwa kuwa Kenya na Tanzania zimo katika umoja wa forodha wa Afrika Mashariki ulioanza kazi tarehe 1 Januari 2005. La Pakistani hulipa. Mteja haoni ushuru, anaona bei tu.

Mwaka 1950 mwanauchumi Jacob Viner aliuliza swali ambalo wanasiasa wetu hulikwepa hadi leo: nchi zikiondoleana ushuru, huo mzigo mpya unaovuka mpaka umechukua nafasi ya nani? Akaona kuwa umoja wa forodha una mikono miwili. Mmoja huzaa biashara, mwingine huihamisha tu.

Tuuone kwa hesabu ndogo, ya bei nilizozitunga mwenyewe. Tani ya mchele wa Pakistani inafika Kenya kwa dola 600, ya Tanzania kwa dola 760. Kabla ya umoja, kila mchele wa nje unatozwa asilimia 35. Wa Pakistani unakuwa dola 810, wa Tanzania 1,026. Mfanyabiashara ananunua wa Pakistani bila kufikiri mara mbili, na serikali inapata dola 210 kwa kila tani.

Umoja unakuja, ushuru wa Tanzania unaondoka. Sasa ni 760 dhidi ya 810, na mfanyabiashara anahamia Tanzania. Mlaji kaokoa dola 50 na anashangilia. Lakini hazina imepoteza zile 210. Ukitoa 50, nchi imepungukiwa na dola 160 kwa tani, na hiyo ndiyo tofauti halisi kati ya 760 na 600. Biashara imehama kutoka kwa anayezalisha kwa bei nafuu kwenda kwa jirani wa bei ghali. Mkulima wa Mbeya kafaidika, ni kweli, ila gharama imelipwa Nairobi.

Geuza mfano kidogo. Tuseme kabla ya umoja Wakenya walikuwa wakila mchele wao wenyewe, unaogharimu dola 790, kwa sababu ushuru uliukinga dhidi ya wa Pakistani wa 810. Ushuru wa Tanzania ukiondoka, mchele wa 760 unauondoa wa 790. Hapa hazina haikupoteza kitu, maana hakukuwa na ushuru uliokuwa ukikusanywa, na tani ile ile imepatikana kwa jasho pungufu. Hiyo ndiyo biashara iliyozaliwa. Mkulima wa Mwea atanung'unika, na ana haki ya kunung'unika, lakini hesabu ya nchi nzima imepanda.

Kinachoamua mkono upi utashinda ni urefu wa ukuta wa nje. Uganda ilijua hivyo. Kabla ya 2005 viwango vyake vilikuwa asilimia 0, 7 na 15. Ushuru wa pamoja ulikuja na 0, 10 na 25, hivyo bidhaa nyingi za mbali zikapanda bei Kampala, na viwanda vya Kenya vikapata soko lenye kivuli. Ilibidi Uganda iombe nafuu ya muda kwa orodha ya malighafi.

Kwa mchele, ukuta ni mrefu kupindukia: kiwango cha pamoja ni asilimia 75. Kwa bei zetu za kubuni, wa Pakistani ungefika dola 1,050, na muuzaji wa Tanzania angeweza kupandisha bei yake karibu na hapo bila kupoteza mteja. Hata zile dola 50 za mlaji zingeyeyuka. Kenya, ambayo hula mchele mwingi kuliko inaoulima, na ambayo chai yake hununuliwa zaidi na Pakistani, imekuwa ikiomba ruhusa ya kutoza asilimia 35 badala ya 75. Ruhusa hiyo ina bei yake. Mchele ulioingia kwa kiwango cha chini haupaswi kuvuka kwenda kwa jirani bila kulipiwa tofauti, kwa hiyo maofisa wa forodha hawawezi kuondoka mpakani.

Basi waziri akisoma kwamba biashara baina ya nchi wanachama imeongezeka, usipige makofi upesi. Ongezeko lenyewe halisemi lolote. Uliza mambo mawili: mzigo huo ulitoka wapi kabla, na nje ya ukuta unauzwa bei gani leo.