Kebo, Wi-Fi au Bluetooth: Ipi Itakufikisha Mwisho wa Fomu?

Tarehe 30 Juni kila mwaka ndiyo siku ya mwisho ya kuwasilisha ritani za kodi za watu binafsi kupitia iTax. Tuseme umengoja hadi jioni ya siku hiyo, kisha umeme unapotea. Kipakatalishi chako kina chaji asilimia 60, simu ina asilimia 25, na intaneti uliyo nayo ni bando la simu. Unaweza kuipeleka kwenye kompyuta kwa njia tatu: kebo ya USB, Wi-Fi au Bluetooth. Ukichagua vibaya, simu inaweza kuzima kabla hujatuma fomu.

Kwenye simu nyingi za Android, njia zote tatu zinapatikana ndani ya Settings, sehemu ya Hotspot & tethering.

Kwa mfano wetu, kebo ndiyo bora. Data hupita kwenye waya, kwa hivyo haisumbuliwi na kuta wala vifaa vya jirani. Kasi yake pia inatosha. Hata kebo ya kawaida ya USB 2.0 inaweza kubeba data nyingi kuliko ile ambayo mtandao wa simu huleta katika maeneo mengi. Zaidi ya hayo, simu inachajiwa na kompyuta huku ikifanya kazi.

Chaji hiyo hutoka kwenye betri ya kipakatalishi. Tundu la kawaida la USB 2.0 hutoa takriban wati 2.5. Ikiwa betri iliyojaa hubeba wati-saa 45, asilimia 60 ni wati-saa 27. Kompyuta inayotumia wati 10 ingedumu takriban saa 2 na dakika 40. Ukiongeza simu, itadumu takriban saa 2 na dakika 10. Utapoteza nusu saa, lakini simu haitazima katikati ya kazi.

Unganisha kebo kwanza, kisha uwashe USB tethering. Ikiwa kitufe hicho ni hafifu na hakibonyezeki ingawa simu inaonyesha inachaji, huenda kebo hiyo ni ya kuchaji tu na haina nyaya za data. Jaribu nyingine. Ikiwa intaneti inakatika kila unaposogeza simu, tundu limelegea au lina vumbi. Ilaze simu mezani na usiiguse.

Wi-Fi ina kasi nzuri na inaweza kuhudumia vifaa kadhaa kwa pamoja, lakini ndiyo inayomaliza chaji ya simu haraka zaidi. Simu huwasiliana na mnara na wakati huohuo hurusha mawimbi kwa kompyuta, ndiyo maana hupata joto. Kwa asilimia 25, hiyo ni bahati nasibu. Ukiitumia, weka nywila, la sivyo mtu mwingine atatumia bando lako.

Hata hivyo, Wi-Fi hushinda kebo pale mtandao wa simu unaposhika dirishani tu. Unaiacha simu dirishani nawe unaketi mezani. Simu iliyo mahali penye mtandao mzuri pia haitumii nguvu nyingi kuutafuta mnara, kwa hivyo chaji kidogo huokolewa.

Bluetooth hutumia chaji kidogo kuliko Wi-Fi, lakini ni ya polepole. Kwa kawaida hupitisha megabiti 1 hadi 2 kwa sekunde. Faili ya PDF ya megabaiti 2 ni megabiti 16, kwa hivyo itachukua kati ya sekunde 8 na 16 kupakiwa, hata kama mtandao wa simu una kasi zaidi. Kujaza fomu ya maandishi kunawezekana, lakini mkutano wa video utakwama. Ni njia ya akiba unapokosa kebo na chaji ya simu ni kidogo. Simu na kompyuta zikae karibu, ndani ya chumba kimoja.

Ukurasa ukikataa kufunguka, usikimbilie kubadilisha njia. Fungua ukurasa uleule kwenye simu yenyewe. Ukikwama huko pia, shida ni mtandao, bando au tovuti, na kubadilisha njia hakutasaidia. Ukifunguka kwa simu lakini si kwa kompyuta, basi shida iko kati ya vifaa hivyo viwili. Hapo ndipo ubadilishe kebo, au uzime hotspoti na kuiwasha tena.

Mwisho, kompyuta ya Windows huweza kuanza kupakua masasisho makubwa inapopata Wi-Fi, na bando likaisha kabla hujabonyeza kitufe cha kutuma. Kabla ya kuanza, fungua mipangilio ya muunganisho huo na uwashe Metered connection.