Kilo 138 zimetoka wapi?

Ankara ya mzigo wa ndege mara nyingi huja na namba moja tu ya uzito. Tuseme mfanyabiashara wa Kariakoo ameagiza mikoba ya kike kutoka Guangzhou, katoni 4, pamoja na katoni 1 ndogo ya vipuri vya pikipiki. Muuzaji alimtumia orodha ya mzigo: kila katoni ya mikoba ina kilo 14, ya vipuri ina kilo 30. Jumla kilo 86. Mzigo unafika Dar es Salaam, wakala wa kago anamwambia alipe kilo 138. Kwa bei ya dola 9 kwa kilo, ambayo ni bei ya mfano tu, hiyo ni dola 1,242 badala ya 774 alizokuwa amezipigia hesabu.

Wengi hapa hupandisha sauti, kisha hulipa. Wakala naye hujibu kwa neno moja, "ujazo", na mazungumzo yanaishia hapo. Lakini 138 haikuanguka kutoka mbinguni. Ina njia iliyopitia, na mwenye mzigo anaweza kuifuata kwa simu yenye kikokotoo, mradi ana vipimo vya katoni zake.

Kwanza, kwa nini ujazo unatozwa. Tumbo la ndege lina mipaka miwili: uzito ambao ndege inaweza kuubeba na nafasi iliyopo. Mzigo wa magodoro ya sponji utaijaza nafasi yote kabla ndege haijakaribia mpaka wake wa uzito, na shirika likitoza kilo za mizani peke yake litakuwa limerusha hewa kwa hasara. Kwa hiyo mashirika ya ndege, kwa utaratibu wa chama chao cha kimataifa, IATA, huhesabu kwamba kila sentimita za ujazo 6,000 ni sawa na kilo moja. Unapima urefu, upana na kimo kwa sentimita, unazidisha, unagawa kwa 6,000. Jibu hilo ndilo uzito wa ujazo. Unaliweka kando ya uzito wa mizani, na ule ulio mkubwa ndio unaotozwa. Mita moja ya ujazo kwa hesabu hiyo ni takribani kilo 167, kwa hiyo bidhaa yoyote iliyo nyepesi kuliko hapo italipiwa nafasi, na iliyo nzito kuliko hapo italipiwa mizani.

Sasa turudi kwenye mikoba. Kila katoni ni sentimita 60 kwa 50 kwa 45, yaani sentimita za ujazo 135,000. Ukigawa kwa 6,000 unapata kilo 22.5, wakati mizani inasema 14. Katoni 4 ni kilo 90 za ujazo. Katoni ya vipuri ni 40 kwa 30 kwa 30, sentimita za ujazo 36,000, yaani kilo 6 za ujazo, ingawa mizani inasema 30. Mzigo wote una kilo 96 za ujazo na 86 za mizani. Kubwa ni 96. Kwa hesabu ya shirika la ndege, mzigo huu ungetozwa kilo 96.

Bado hatujafika 138. Jambo la kwanza la kujaribu ni kigawanyo kingine. Kampuni kubwa za vifurushi vya haraka, zile zinazoleta mpaka mlangoni kama DHL, FedEx na UPS, kwa kawaida hugawa kwa 5,000 badala ya 6,000. Kigawanyo kikishuka, kilo zinapanda: katoni ileile ya mikoba inakuwa kilo 27, na mzigo wote kilo 115.2. Tofauti kati ya 6,000 na 5,000 ni asilimia 20 kamili, kila mara, kwa mzigo wowote unaolipiwa ujazo. Hilo ni vyema kulikariri, kwa sababu ukiona ankara imezidi hesabu yako kwa moja ya tano, huna haja ya kutafuta zaidi.

Lakini 115.2 nayo si 138. Kuna swali la pili, na hili ndilo wafanyabiashara wengi hawalijui: ulinganisho wa mizani na ujazo umefanywa kwa mzigo mzima au kwa katoni mojamoja? Ukijumlisha kwanza ndipo ulinganishe, vipuri vizito vinaibeba mikoba myepesi. Chuma kimekaa kwenye nafasi ndogo na kuacha uzito, mikoba imechukua nafasi na kuacha mizani, vyote viwili vinafidiana. Ukilinganisha kila katoni peke yake, fidia hiyo inapotea: mikoba inatozwa kwa ujazo, vipuri vinatozwa kwa mizani, na mteja analipa upande mkubwa kila mahali. Kwa kigawanyo cha 5,000, mikoba ni 27 mara 4, yaani 108. Vipuri ni 30. Jumla 138.

Tumeipata. Ankara haikukosea kujumlisha. Imefanya maamuzi mawili kwa niaba ya mteja, kigawanyo kidogo na ulinganisho wa katoni mojamoja, na kila moja limempandisha. Kwa 6,000 na katoni mojamoja angelipia kilo 120. Kwa 6,000 na mzigo mzima, 96. Kati ya 96 na 138 kuna dola 378 katika mfano wetu.

Je, wakala ameiba? Si lazima. Utaratibu wa shirika la ndege unamfunga wakala anapolipa shirika. Haumfungi anapokutoza wewe. Wakala hukusanya mizigo ya wateja wengi, huipeleka kama mzigo mmoja kwa hati kuu moja, na faida yake kubwa hutoka hapohapo: wewe wa mikoba unamlipa nafasi, jirani yako wa vyuma anamlipa mizani, naye analipa shirika kwa jumla iliyofidiana. Ni biashara halali, na mimi simlaumu anayeisema wazi. Ninayemlaumu ni yule anayetangaza bei kwa kilo halafu anakaa kimya kuhusu kilo ya namna gani. Bei ya dola 8 kwa kilo yenye kigawanyo cha 5,000 ni ghali kuliko dola 9 yenye 6,000, kama unaleta mikoba. Kwa mfano wetu, mzigo mzima: 115.5 mara 8 ni dola 924, na 96 mara 9 ni 864. (Ile 115.2 imekuwa 115.5 kwa sababu uzito wa kutozwa hupandishwa hadi nusu kilo inayofuata. Hilo ni la kawaida, usigombane nalo.)

Kosa la kweli, lile unaloweza kulidai urudishiwe fedha, kwa kawaida liko kwenye vipimo. Katoni iliyoshindiliwa mikoba hutuna tumbo, na anayepima hupima pale palipotokeza zaidi, si kwenye kona. Mzigo wa duara au wenye umbo la ajabu nao hupimwa kana kwamba uko ndani ya sanduku la mraba. Sentimita chache zinaonekana si kitu, lakini zinazidishana zenyewe kwa zenyewe. Katoni yetu ya 60 kwa 50 kwa 45 ikituna hadi 62 kwa 52 kwa 48, ujazo wake unafika sentimita 154,752, na kwa 6,000 ni kilo 25.8 badala ya 22.5. Ni karibu asilimia 15 zaidi. Kwa katoni 4 ni kilo 13 na ushee, zaidi ya dola 115, na hakuna hata mkoba mmoja ulioongezeka.

Ili kulijua hili, hesabu irudishe nyuma. Chukua kilo ulizotozwa, zidisha kwa kigawanyo mlichokubaliana, gawa kwa idadi ya katoni zinazofanana. Jibu ni ujazo wa katoni moja kwa macho ya wakala. Ukizidi ule wa orodha ya muuzaji kwa asilimia 10 au 15, uliza kama katoni ilituna au ilifungwa upya. Ghala la Guangzhou mara nyingi hufungua katoni na kuziunganisha, au huzitia ndani ya nyingine kubwa au gunia, na vipimo vya muuzaji vinakuwa havina kazi tena. Omba picha ya katoni ikiwa na futi kamba juu yake, pande zote tatu, namba zikisomeka. Ghala lenye utaratibu halitashindwa kuitoa.

Njia moja haitakusaidia. Wengine huomba namba ya hati kuu, ile ya tarakimu 11 inayoanza na namba ya shirika, 071 kwa Ethiopian, 176 kwa Emirates, 706 kwa Kenya Airways, kisha huitafuta mtandaoni wakitarajia kuona uzito wao. Watakachokiona ni uzito wa mzigo wote wa wakala, wako na wa wenzako. Namba hiyo inakuambia ndege ilipo, haikuambii unadaiwa nini.

Kuna na jambo dogo linalomfaa anayekaribia kilo 100. Bei za ndege hushuka kwa ngazi, na ngazi za kawaida ni 45, 100, 300 na 500. Kama bei chini ya 100 ni dola 9 na kuanzia 100 ni dola 8.20, basi kilo zetu 96 zinagharimu dola 864, lakini zikiandikwa kilo 100 zinagharimu 820. Mashirika ya ndege huruhusu hilo waziwazi. Wakala anaweza kukubali au kukataa, lakini hatakukumbusha.

Anayeleta kwa meli yuko kwenye hesabu nyingine kabisa: huko tani moja hulinganishwa na mita moja ya ujazo, kwa hiyo karibu kila bidhaa ya dukani hulipiwa nafasi na mizani haina sauti.

Kabla hujaruhusu mzigo uondoke ghalani, mwandikie wakala ujumbe wenye maswali matatu: unagawa kwa ngapi, unalinganisha mzigo mzima au katoni mojamoja, na vipimo utakavyovitumia ni vya kabla au vya baada ya kufunga upya. Majibu yake yatunze kwenye simu pamoja na picha za katoni. Mzigo ukishafika, pima kabla ya kusaini na kabla ya kufungua, maana katoni ikishachanwa hakuna tena cha kupima.