Fundi wa Kope na Daftari la Arubuni

Kope za bandia zibandikwazo moja moja hazidumu kupita umri wa kope za asili zinazozibeba, kwani kila unywele wa kope hukua, hupumzika, kisha hudondoka wenyewe pamoja na mzigo wake, hata ikifika wiki ya pili au ya tatu mapengo yakaanza kuonekana na mteja akahitaji kujaziwa. Kanuni hii ya maumbile ndiyo mizani ya kwanza ya fundi wa kope wa Kamina, mji wa makutano ya reli, anapotafakari atangaze nini na mara ngapi.

Chombo chake kikubwa ni statasi ya WhatsApp, ambayo hutoweka baada ya saa 24, tena kwa kawaida haionekani ila pale fundi na mteja walipohifadhiana namba. Kwa hiyo, kabla ya picha yoyote, namba zibadilishwe mteja angali kitini.

Tuchukulie fundi awezaye kuhudumia wateja 12 kwa wiki. Alhamisi aliweka video ya kibano kikitenganisha kope, ikatazamwa na watu 90, wakauliza 6, akatoa arubuni mmoja. Jumanne akatangaza tu kwamba Ijumaa saa nane na saa kumi ziko wazi, wakatazama 40, wakauliza 5, wakatoa arubuni 2. Mwenye pupa atahukumu papo hapo kwamba video haifai, ilhali hajui kama kilichovuta wateja ni tangazo au ni siku yenyewe, na tofauti ya mtu mmoja yaweza kuwa sadfa tupu. Njia ya ilimu ni kubadilisha siku kwa zamu muda wa wiki nane, na kuwaandika daftarini wateja wapya mbali na wale wa kujaziwa, ambao pengine wangalirudi hata pasipo tangazo.

Kwa rai yangu, aanze na matangazo mawili ya nafasi kwa wiki, picha moja, na video moja fupi kila wiki mbili, maana video humla mteja mega zake. Picha nayo isiwe ya kazi mbichi peke yake: ile ya siku ya 14 tangu kubandikwa, iliyopigwa karibu na dirisha, jicho likiwa wazi kisha likifumbwa, humjibu mteja swali analoona haya kuliuliza, kwamba fedha yake itadumu hadi lini. Daftari likijaa, asitangaze, kwani mwenye kuambiwa mara mbili kwamba hapana nafasi hachelewi kumtafuta fundi mwingine.

Anayekaribia kujaziwa hahitaji statasi. Aandikiwe yeye mwenyewe siku hiyo ya 14, kwa jina lake, na saa mbili za kuchagua. Nawe fundi usomaye haya, anza daftari Jumatatu hii, na siku isiyoleta arubuni iandike sifuri.