Dakika Ishirini za Mtoto Mbele ya Kamera

Tangazo la losheni ya watoto hutambulika hata televisheni ikiwa imezimwa sauti. Chumba kimetulia, mwanga wa rangi ya asali unapenya pazia jepesi, na mzazi ameinama juu ya mtoto aliyetoka kuoga. Watazamaji wengi hudhani utulivu huo ni pambo tu. Sehemu yake kubwa hutokana na mtoto mwenyewe, kwa kuwa ndiye mtu pekee pale asiyeweza kuambiwa aigize.

Jimbo la California nchini Marekani, kitovu cha biashara ya filamu, limeweka kanuni kali juu ya jambo hili. Mtoto wa kati ya siku 15 na miezi 6 haruhusiwi kukaa eneo la kupigia picha zaidi ya saa 2 kwa siku, na kazi yenyewe isizidi dakika 20. Hatakiwi pia kumulikwa na mwanga unaozidi kandela-futi 100 kwa zaidi ya sekunde 30 mfululizo. Kipimo hicho ni takribani moja ya mia ya ukali wa jua la mchana mweupe.

Kanuni hiyo inaonekana kwenye picha. Mwanga ukiwa hafifu, mpigapicha hulazimika kuifungua lenzi sana ili kamera ipate nuru ya kutosha, na lenzi iliyofunguliwa hivyo huonyesha vizuri kitu kimoja tu. Jicho la mtoto huonekana wazi. Pazia, ukuta na kabati vilivyo nyuma hufifia. Ule ukungu laini unaopendeza machoni umezaliwa na uhaba wa mwanga.

Chukua picha moja ya kawaida: baba anampaka mwanawe losheni mguuni. Chanzo cha mwanga ni dirisha, na limewekwa ubavuni mwa mtoto. Mwanga ukitoka mbele moja kwa moja, ngozi huonekana bapa na losheni haionekani kabisa. Ukitoka ubavuni, kila mkunjo wa paja hupata kivuli chake, na mafuta hung'aa pale kiganja kilipopita. Kwa ngozi nyeusi mng'ao huo ndio kila kitu, kwa sababu ndio unaolichora umbo la mguu. Fundi anayejaribu kuingaʼrisha ngozi yenyewe kwa kuongeza taa huishia kuipausha. Dirisha hufunikwa kwa kitambaa cheupe ili kulainisha vivuli, na karatasi angavu ya rangi ya chungwa hafifu huwekwa mbele ya taa ya nyongeza ili nuru iwe na joto. Kuta nazo huchunguzwa: ukuta wa kijani hurudisha ukijani wake kwenye shavu la mtoto, akaonekana mgonjwa.

Kisha kuna baridi. Mtoto yuko uchi au amevaa nepi tu, kwa hiyo chumba hupashwa joto mpaka kiasi cha nyuzi 25 au 26, hata watu wazima watoke jasho. Chumba kikipoa, ngozi ya kichanga hufanya mabaka ya zambarau kama wavu, na hakuna losheni itakayoyaficha. Baba pia husugua losheni viganjani kwanza, maana tone la baridi likigusa tumbo, mtoto hushtuka na picha imeharibika.

Kelele ni adui mwingine. Kichanga akisikia mlio wa ghafla hutupa mikono yote miwili hewani. Ndiyo maana kile kibao kinachopigwa mwanzoni mwa kila picha mara nyingi huachwa hadi mwisho, kikaonyeshwa kichwa chini na kugongwa polepole.

Na mzazi? Wachanga huona vizuri vitu vilivyo umbali wa sentimeta 20 hadi 30. Mzazi asipoinama kiasi hicho, macho ya mtoto hutangatanga, na mtazamaji huhisi kuna kitu hakipo sawa ingawa hawezi kukitaja. Mwigizaji asiyezoea watoto hujulikana kwa mkono wake: vidole vinaelea juu ya ngozi, naye anatabasamu kuelekea kamera. Mzazi halisi hushika kifundo cha mguu kwa mkono mmoja na kupaka kwa mwingine, bila kuhitaji kuambiwa. Wengi wa waongozaji wazuri humwachia afanye hivyo, kamera ikiendelea kunasa.

Kinachostahili kukosolewa ni kitanda. Wapambaji hupenda kukijaza mito, blanketi nene na wanasesere, kwa kuwa hujaza fremu vizuri. Chama cha Madaktari wa Watoto cha Marekani hushauri kinyume: mtoto alale chali, juu ya godoro gumu, bila mto wala kitu chochote laini kando yake. Mama aliyejifungua mtoto wa kwanza hulitazama tangazo kama mfano wa kuiga, na hivyo mapambo hayo yanapaswa kuondolewa kitandani kabla kamera haijawashwa.