Baiti Moja ya Umbali

Prosesa ya 6502, iliyotolewa na kampuni ya MOS Technology mwaka 1975 na kutumika ndani ya kompyuta ya Apple II, ingeweza kufikia baiti 65,536 za kumbukumbu. Anwani kamili ya mahali popote humo inahitaji baiti mbili. Hata hivyo, amri zake za kuruka kwa masharti, zile zinazosema "kama jibu si sifuri, nenda kule", zilipewa baiti moja tu ya kueleza "kule" ni wapi.

Iliwezekana kwa sababu baiti hiyo haibebi anwani. Inabeba umbali, yaani baiti ngapi mbele au nyuma. Prosesa ina rejista iitwayo kaunta ya programu, inayoshika anwani ya amri inayofuata kutekelezwa, na kuruka ni kuijumlishia rejista hiyo ule umbali. Waliobuni walijua kwamba miruko mingi ni mifupi: kitanzi hurudi amri chache nyuma, na sharti likikataa huruka amri chache mbele. Tena kipande cha programu kikihamishiwa mahali pengine, umbali wa ndani yake haubadiliki.

Tutazame kitanzi kidogo kinachohesabu kutoka 5 kushuka hadi sifuri. Namba zote zimeandikwa kwa mfumo wa kumi na sita, na safu ya kwanza ni anwani:

```
0602  CA      DEX
0603  D0 FD   BNE $0602
0605  00      BRK
```

Rejista X ilishawekewa 5 kabla ya hapo. `DEX` inaipunguza kwa moja, na `BNE` inarudi 0602 maadamu X haijafika sifuri. Kwa nini umbali ni `FD`? Prosesa inapofika kuamua kama iruke, imeshasoma baiti zote mbili za `BNE`, kwa hiyo kaunta tayari inaonyesha 0605. Kutoka 0605 hadi 0602 ni −3. Namba hasi huandikwa kwa kuitoa kwenye 256: 256 kutoa 3 ni 253, nayo kwa mfumo wa kumi na sita ni `FD`.

Hapa ndipo wanaoandika baiti kwa mkono hukosea. Anayehesabu kuanzia 0603, ilipo amri yenyewe, atapata −1 na kuandika `FF`. Prosesa itatoa 1 kwenye 0605 na kutua 0604, juu ya ile baiti ya umbali, na kuitekeleza kana kwamba ni amri. Ukiona programu imetua katikati ya amri, kagua kwanza umbali ulihesabiwa kutoka wapi.

Baiti moja ina thamani 256. Nusu zimegawiwa hasi, −128 hadi −1, na nusu iliyobaki sifuri hadi +127. Upande wa mbele umepungukiwa na moja kwa sababu sifuri imekaa huko. Ukipima kutoka kwenye `BNE` yenyewe, yenye baiti 2, unafika baiti 126 nyuma au 129 mbele, basi.

Lengo likiwa mbali zaidi ya hapo, asembla itagoma kutafsiri. Dawa yake ni kugeuza sharti na kurukia juu ya `JMP`, amri inayobeba anwani kamili:

```
F0 03      BEQ mbele
4C 00 09   JMP $0900
mbele:
```

Sasa jibu likiwa sifuri tunaivuka `JMP` yenye baiti 3. Lisipokuwa sifuri tunakwenda 0900. Ila baiti 2 zimekuwa 5, na miruko mingine iliyopita juu ya eneo hili imerefuka kwa baiti 3. Mmoja wao ukiwa ulibakiza nafasi ya baiti 2 tu, nao unashindwa kufika. Ndiyo maana asembla inayofanya ubadilishaji huu yenyewe hulazimika kurudia hesabu mpaka kusiwe na badiliko jipya.

Prosesa za ARM za biti 64, zilizojaa kwenye simu za leo, zina nafasi zaidi. Kila amri ina urefu wa baiti 4 na hukaa kwenye anwani inayogawanyika kwa 4, hivyo umbali huhesabiwa kwa amri nzima, kisha huzidishwa kwa 4, na hupimwa kutoka kwenye amri yenyewe ya kuruka. Mruko wa masharti una biti 19 za umbali. Biti moja ikielekeza mbele au nyuma, zinabaki 18, yaani amri 262,144 kila upande, ambazo ni megabaiti 1. Mruko usio na sharti una biti 26 na hufika megabaiti 128. Amri inayopima biti moja ya rejista, `TBZ`, inafika kilobaiti 32 tu, kwa kuwa lazima itaje pia rejista gani na biti ya ngapi; zimebaki biti 14 za umbali.

Na programu ikizidi hata megabaiti 128? Chombo kinachounganisha vipande vya programu hupachika njiani amri chache za daraja zinazopakia anwani nzima kwenye rejista na kurukia huko. Kanuni za ARM zimetenga rejista `x16` na `x17` ziweze kutumiwa na daraja hilo wakati wa kuita, kwa hiyo anayeandika kwa asembla asitegemee kuzikuta na thamani ileile akirudi.